Kutoa ufunguo wa AES kwenye umeme wa kadi ya chipu: mwongozo kamili wa maabara

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wa usalama wa vifaa hapa Lubumbashi ambao AES wanaijua kwenye karatasi na sasa wanataka kuuona ufunguo ukitoka kwenye kadi kupitia waya wa umeme. Nimechagua shambulio moja tu, lile la uwiano. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1999, pale Paul Kocher, Joshua Jaffe na Benjamin Jun walipoonyesha kwamba kwa kulinganisha wastani wa vipimo vingi vya umeme unaweza kuupata ufunguo wa siri. Mwaka 2004 Éric Brier, Christophe Clavier na Francis Olivier wakaweka mgawo wa uwiano badala ya tofauti ya wastani, na hiyo ndiyo sura tutakayoitumia.

Hesabu yenyewe haijai ukurasa. Kinachowakwamisha wanafunzi ni kipimo: waya, masi ya oskiloskopu, triga, na upangaji wa rekodi. Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia maabara ni moja. Kabla ya kutafuta usichokijua, hakikisha kipimo chako kinakuonyesha kile unachokijua. Kila hatua hapa chini ina ukaguzi wake, na ukaguzi ukikataa, usisogee mbele.

## Kadi utakayoifanyia kazi

Tumia kadi tupu inayoandikika, ambayo ndani yake mna kichakataji cha biti 8 kama ATmega163. Programu yake unaiandika mwenyewe na ufunguo unauweka mwenyewe. Weka ufunguo wa mfano uliomo kwenye kiwango cha FIPS-197, kwa sababu matokeo yake yote yanajulikana:

```
ufunguo:  2b7e151628aed2a6abf7158809cf4f3c
ingizo:   3243f6a8885a308d313198a2e0370734
tokeo:    3925841d02dc09fbdc118597196a0b32
```

Kadi ya benki, ya simu au ya kitambulisho usiiguse. Siyo mali yako hata kama jina lako limechapishwa juu yake, na kuichezea ni kosa. Tena haitakufundisha chochote mwanzoni: kadi hizo zimejengewa kinga juu ya kinga, na usipoona kitu hutajua kama kinga ndiyo imekuzuia au waya wako umekatika.

## Kwa nini umeme unasema

Transista za chipu hula umeme zaidi zinapobadilika kutoka 0 kwenda 1 au kurudi. Baiti inapopita kwenye njia ya data ya kichakataji kidogo, umeme unaoliwa kwenye pigo hilo la saa unafuata kwa karibu idadi ya biti zenye 1 ndani ya baiti hiyo. Idadi hiyo inaitwa uzito wa Hamming. Baiti `00` ina uzito 0, `ff` ina uzito 8, na `d4`, ambayo ni 11010100, ina uzito 4.

Tofauti kati ya uzito 4 na 5 ni ndogo mno kuiona kwa jicho, kwani imezama ndani ya kelele. Lakini ukirudia usimbaji mara mia kadhaa kwa maingizo tofauti, kelele zinafutana zenyewe na tofauti inabaki.

## Kuunganisha waya

Kadi ina miguso ya dhahabu iliyopangwa na kiwango cha ISO/IEC 7816. Unayohitaji kuijua ni C1 inayoleta umeme, C2 ya kuanzisha upya, C3 ya saa, C5 ambayo ni masi, na C7 inayopitisha data kwenda na kurudi. Kisomaji cha kawaida hupeleka saa ya karibu 3.57 MHz. Saa hiyo ikigawanywa kwa 372 inatoa biti 9600 kwa sekunde, kwa hiyo biti moja kwenye C7 inachukua takriban mikrosekunde 104. Namba hii itatufaa sana kwenye triga.

Tafuta kibao cha kurefushia: upande mmoja una umbo la kadi na unaingia kwenye kisomaji, upande wa pili una soketi ya kuwekea kadi halisi. Kata njia ya C5 kwenye kibao hicho, kisha lehemu rezista ya 10 Ω kuziba pengo. Rezista hiyo utaipata kwa fundi yeyote wa redio pale soko la Kenya. Kadi na kisomaji ndivyo vitakavyokuchelewesha, kwa kuwa huwa vinaagizwa kutoka nje.

Kadi ikila 10 mA, rezista ya 10 Ω itaonyesha 100 mV kwa wastani, na juu ya wastani huo yatacheza mabadiliko madogo tunayoyatafuta. Wapo wanaoongeza rezista hadi 100 Ω wakidhani ishara itakuwa mara kumi. Hapo wanapoteza volti nzima: kadi iliyopaswa kupata 5 V inapata 4 V, na kila ikila zaidi inashuka zaidi. Dalili ni kadi kukataa kujibu inapoanzishwa, au jibu lake la kwanza kukatika katikati. Ukiona hivyo, punguza rezista kwanza kabla ya kuilaumu programu.

Upande wa kadi usiweke kapasita yoyote kati ya C1 na C5. Kapasita hugeuka akiba ndogo inayoilisha kadi kwa haraka bila umeme kupita kwenye rezista, na ishara yako inalainika mpaka inapotea.

Sasa sonda ya oskiloskopu. Ncha inashika C5 upande wa kadi. Kibanio cha masi kinashika upande wa pili wa rezista, ule unaoelekea kwenye kisomaji. Ukivigeuza, hakuna moshi wala mlio, lakini utakuwa umeiunganisha rezista kwa kifupi: masi ya oskiloskopu imefungwa kwenye ardhi ya ukuta, na masi ya kisomaji imefika kwenye ardhi hiyohiyo kupitia kompyuta, kwa chaja yake au kwa waya wa USB unaoiunganisha na oskiloskopu. Umeme unapita njia ya nje, na kwenye skrini unabaki mstari bapa. Mstari bapa wakati kadi inajibu vizuri ni dalili ya kosa hili karibu kila mara.

Kuhusu umeme wa hapa kwetu: chaja ya kompyuta ndogo hutoa kelele kali, kwa hiyo ichomoe na ufanye kazi kwa betri. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi mkahamia kwenye jenereta, usichanganye rekodi za kabla na za baada. Kelele zake ni tofauti, wastani wake ni tofauti, na mchanganyiko huo unapunguza uwiano bila kukuambia kwa nini. Weka mafaili mawili.

Kuna pia mtetemo wa 50 Hz. Mzunguko wake mmoja ni milisekunde 20, na usimbaji tunaourekodi unachukua milisekunde moja au mbili, hivyo ndani ya rekodi moja hutaona wimbi. Utaona rekodi nzima imepanda au imeshuka ukilinganisha na jirani yake. Dawa ni kutoa wastani wa kila rekodi kwenye rekodi hiyohiyo kabla ya hesabu nyingine yoyote.

## Mipangilio ya oskiloskopu

Oskiloskopu nyingi za maabara zina biti 8, yaani ngazi 256 kutoka chini ya skrini hadi juu. Ukiweka 20 mV kwa kila mraba, kimo kizima cha miraba 8 ni 160 mV, na kila ngazi ni karibu 0.6 mV. Ukiacha 200 mV kwa mraba kwa sababu picha inapendeza, ngazi moja ni 6 mV na siri yako inafutwa wakati wa kupima. Hakuna hesabu itakayoirudisha. Chagua muunganiko wa AC ili 100 mV za wastani ziondoke, washa kikomo cha 20 MHz, kisha kuza mpaka mchoro ujaze skrini bila kugonga juu wala chini.

Kwa kasi ya sampuli, milioni 50 kwa sekunde zinatosha. Hapo kila pigo la saa linapata sampuli 14. Ukizidisha, unajaza diski tu.

## Triga

Hapa ndipo nimeona muda mwingi ukipotea. Ukichukua rekodi mara mia nne na kila moja ianze mahali pake, umekusanya picha mia nne za vitu tofauti.

Kisomaji hakina haraka inayotabirika: kati ya baiti na baiti kinaweza kupumzika kidogo, na mapumziko hayo hayalingani. Kwa hiyo usiweke triga kwenye mwanzo wa amri. Acha kadi yenyewe ipige kengele. Itifaki ya T=0 inairuhusu kadi kutuma baiti `60` kukiambia kisomaji kisubiri, na hiyo tunaigeuza kuwa alama yetu.

Gawa kazi katika amri tatu. Ya kwanza, `80 40 00 00 10`, inapeleka baiti 16 za ingizo, na kadi inazihifadhi tu. Ya pili, `80 42 00 00 00`, haina data: kadi ikiipokea inatuma `60`, inafanya AES, kisha inajibu `90 00`. Ya tatu inasoma tokeo.

Sasa tazama `60` inavyoonekana kwenye C7. Laini inashuka kwa biti ya kuanzia, halafu biti zinatoka kuanzia ya chini: sifuri tano, moja mbili, sifuri moja, kisha biti ya usawa. Biti ya kuanzia na sifuri tano za mwanzo zinaifanya laini ikae chini kwa biti 6 mfululizo, yaani mikrosekunde 625. Ukikagua baiti za kichwa cha amri ya pili, `80` inakaa chini kwa biti 8, `42` kwa mbili, kisha nne, kisha mbili, na kila `00` inakaa chini kwa biti 10. Hakuna yenye sita. Basi iambie oskiloskopu ishike pigo la chini la upana kati ya 580 na 670 mikrosekunde kwenye C7, na ukiiwasha baada ya amri ya kwanza kumalizika, ndani ya amri ya pili itashika `60` peke yake. Kutoka hapo hadi AES ianze, kadi inahesabu mapigo yaleyale kila mara.

Ukaguzi: piga amri ya pili mara ishirini ukiangalia skrini. Mchoro wa umeme usimame palepale. Ukirukaruka kwa milisekunde, triga inashika pigo lisilo lake.

## Kuitafuta AES kwa macho

Kabla ya hesabu, angalia rekodi moja ndefu. AES ya biti 128 ina raundi 10, na raundi ya mwisho haina MixColumns. Kwa hiyo unatafuta umbo linalojirudia mara tisa na la kumi lililo fupi kuliko wenzake. Programu iliyoandikwa vizuri kwa lugha ya mashine inamaliza kwa mapigo elfu kadhaa. Mapigo 4,000 kwa mfano ni kama milisekunde 1.1, au sampuli 56,000. Sisi tunahitaji raundi ya kwanza tu, kwa hiyo kata mwanzo, bakiza sampuli elfu sita au saba, na urekodi hizo.

Usipoona umbo hilo la tisa na moja, rudi kwenye waya. Kwenye kadi isiyo na kinga, raundi huonekana kwa jicho tupu.

Rekodi 400 ukipeleka kila mara ingizo la bahati nasibu. Hifadhi ingizo la kila rekodi kwa mpangilio uleule. Na kila mara soma tokeo ulilinganishe na AES ya kwenye kompyuta, ili ujue kadi imefanya kazi kweli na faili la maingizo halijapishana na faili la rekodi. Faili lililoteleza kwa mstari mmoja linaua shambulio zima, na mchoro wa umeme bado utaonekana safi kabisa.

## Kupanga rekodi

Laini ya C7 hupandishwa na rezista ya kisomaji, na kupanda kwake ni kwa taratibu kidogo, hivyo triga hutofautiana kwa sampuli chache. Chukua rekodi moja kuwa kielelezo, chagua dirisha la sampuli mia tatu hivi lenye umbo la pekee, kisha sogeza kila rekodi mbele na nyuma hadi sampuli 30 ukitafuta mahali inapofanana zaidi na kielelezo.

Hatari ni kwamba mapigo ya saa yanafanana. Dirisha likiwa sehemu isiyo na umbo, rekodi inaweza kukaa vizuri ikiwa imekosea kwa sampuli 14 kamili. Chora histogramu ya misogeo. Ikirundikana mahali pamoja, salama. Ikitoa vilima viwili vilivyoachana kwa 14, badilisha dirisha.

## Ukaguzi usiohitaji ufunguo

Mwanafunzi mmoja aliniita akisema, «Asistanti, rekodi ziko sawa, ila ufunguo hauji.» Nikamuuliza kama ameona ingizo. Hakuwa ameliangalia, na swali hilo ndilo la kwanza.

Ingizo unalijua. Kadi ililisoma kutoka kwenye kumbukumbu mwanzoni mwa raundi, kwa hiyo uzito wa Hamming wa baiti ya ingizo lazima uonekane mahali fulani kwenye umeme. Chukua uzito wa baiti ya kwanza kwa rekodi zote 400, piga uwiano wa Pearson dhidi ya kila sampuli, uchore. Unatarajia kilele kimoja au viwili vinavyosimama juu ya nyasi za kelele. Fanya vilevile kwa baiti ya pili na ya tatu: kilele kinapaswa kusogea kulia kwa hatua sawa. Kama kadi inatumia mapigo 14 kwa kila baiti, vilele vitaachana kwa sampuli 196.

Kilele kisipokuwepo, kutafuta ufunguo ni kupoteza jioni. Kosa liko kwenye upangaji, kwenye kimo cha oskiloskopu, au kwenye faili la maingizo, na utalipata kwa kuvipitia kwa mpangilio huo. Yule kijana lake lilikuwa faili.

## Shambulio lenyewe

Kwenye raundi ya kwanza, kila baiti ya ingizo inachanganywa na baiti moja ya ufunguo kwa XOR, kisha tokeo linapitishwa kwenye jedwali la SubBytes. Tunalenga baiti inayotoka kwenye jedwali. Kwa kila baiti ya ufunguo kuna dhana 256 tu. Kwa kila dhana tunakokotoa baiti gani ingetoka kwa kila ingizo, tunachukua uzito wake, na kuuliza: je, uzito huu unapanda na kushuka pamoja na umeme? Baiti 16 zikishambuliwa moja moja ni dhana 4,096 zote pamoja, badala ya idadi isiyohesabika ya funguo za biti 128.

Tuchukue baiti ya kwanza, ambayo tunajua ni `2b`, tuilinganishe na dhana mbovu ya jirani, `2a`. Ingizo likiwa `79`, dhana ya kweli inatoa `79` XOR `2b` = `52`, na jedwali linageuza `52` kuwa `00`, uzito 0. Dhana mbovu inatoa `53`, jedwali linaigeuza kuwa `ed`, uzito 6. Ingizo likiwa `56`, dhana ya kweli inafika kwenye `7d`, ambayo inakuwa `ff`, uzito 8. Mbovu inafika kwenye `7c`, ambayo inakuwa `10`, uzito 1. Kwa hiyo dhana ya kweli inasema umeme utakuwa mdogo kwa `79` na mkubwa kwa `56`, na dhana mbovu inasema kinyume chake, ingawa funguo hizo mbili zinatofautiana kwa biti moja. Umeme hauwezi kuwakubali wote wawili.

Hii ndiyo sababu tunalenga baada ya jedwali na siyo mara tu baada ya XOR. Ukilenga XOR, dhana inayokosea biti moja inatabiri uzito unaofanana na wa kweli kwa uwiano wa 0.75, na dhana iliyopinduliwa biti zote inatoa uwiano sawa na wa dhana ya kweli, ila wenye alama ya kutoa. Utapata kundi la wagombea wanaokaribiana. Jedwali linawatawanya.

Programu ni hii. `SBOX` ni safu ya numpy yenye thamani 256 za jedwali:

```python
import numpy as np
T = np.load("rekodi.npy").astype(float)   # 400 x sampuli
P = np.load("ingizo.npy")                 # 400 x 16, uint8
HW = np.array([bin(x).count("1") for x in range(256)])
T -= T.mean(axis=1, keepdims=True)        # wastani wa kila rekodi
X = T - T.mean(axis=0)
sx = np.sqrt((X**2).sum(axis=0))

def shambulia(b):
    R = np.zeros((256, T.shape[1]))
    for k in range(256):
        h = HW[SBOX[P[:, b] ^ k]].astype(float)
        h -= h.mean()
        R[k] = (h @ X) / (np.sqrt((h**2).sum()) * sx)
    return R
```

Kwa kila baiti, chukua thamani kubwa kabisa ya `abs(R)` kwa kila dhana na uzipange.

## Kusoma matokeo

Dhana mbovu hazitoi sifuri. Kwa rekodi N, uwiano wa bahati hutawanyika kwa 1/√N, ambayo kwa rekodi 400 ni 0.05. Lakini unaangalia dhana 255 mara maelfu ya sampuli, na katika namba zaidi ya milioni, moja iliyobahatika kabisa itafika karibu mara tano ya hapo, yaani 0.25. Kwa hiyo kilele cha 0.25 kwenye rekodi 400 hakimaanishi kitu, na cha 0.6 hakina ubishi. Kilele cha 0.3 kinahitaji ushahidi mwingine.

Ushahidi huo ni mahali. Vilele vya baiti 16 vinapaswa kupangana kwenye muda kwa hatua sawa, kama vile vya ingizo. Baiti ya saba ikitoa mshindi wake mbali na mstari wa wenzake, mshindi huyo mkatae, rudia utafutaji ndani ya dirisha anapopaswa kuwa, na mara nyingi wa kweli atajitokeza. Mwishowe, simba ingizo la FIPS-197 kwenye kompyuta kwa ufunguo ulioupata. Likitoka `3925841d02dc09fbdc118597196a0b32`, kazi imeisha.

Unaweza pia kukadiria rekodi ngapi zinahitajika. Ukiwa na uwiano wa kweli ρ, idadi ni karibu 28 ikigawanywa kwa ρ². Kwa 0.3 ni kama 310, kwa 0.1 ni 2,800, kwa 0.01 ni 280,000. Kinga nyingi za kadi zinacheza na namba hii: hazifuti siri, zinaishusha ρ. Kwa mfano, kadi ikichakata baiti 16 kwa mpangilio wa bahati nasibu kila mara, baiti yako itakuwa mahali pake mara moja kati ya 16. Uwiano unagawanywa kwa 16, na idadi ya rekodi inazidishwa kwa 256. Rekodi 300 zinakuwa karibu 77,000.

Mbali na waya wa umeme, mawimbi ya sumaku ya chipu yanaweza kukupa rekodi hizohizo. Koili ndogo ya mizunguko michache, ikisogezwa juu ya chipu kwa hatua za milimita, huchukua sehemu moja ya chipu na kuacha kelele za nyingine. Mwaka 2011 David Oswald na Christof Paar wa Bochum walitumia njia hiyo kwenye kadi isiyo na mguso ya Mifare DESFire MF3ICD40, na walihitaji rekodi takriban 250,000 kuupata ufunguo wa 3DES. Kadi yenye kinga ikipimwa na watu wanaojua, ukubwa wa kazi ni huo.

## Kuiwekea kadi barakoa, kisha kuipima

Ukishaupata ufunguo, ziba tundu. Barakoa ni baiti ya bahati nasibu `m` inayochanganywa na data kabla haijagusa chochote, na jedwali linatengenezwa upya kwa kila usimbaji ili lipokee data iliyofichwa na kutoa data iliyofichwa. Umeme unafuata uzito wa `x` XOR `m`, na kwa kuwa `m` haijulikani na inabadilika, uwiano na `x` unapaswa kuwa sifuri.

Usiipime kwa shambulio tu, kwa sababu shambulio likishindwa haujui limeshindwa kwa nini. Fanya jaribio la t la Welch: rekodi elfu chache kwa ingizo moja lisilobadilika, na nyingine elfu chache kwa maingizo ya bahati nasibu, zikichanganywa kwa kupokezana bila mpangilio ili joto la kadi na kelele za jengo viguse makundi yote mawili sawa. Kokotoa t kwa kila sampuli. Ikivuka 4.5 juu au chini, na ikavuka tena sampuli ileile kwenye jaribio la pili, kadi inavuja. Sampuli zinazoshika ingizo lenyewe zitavuka hata hivyo, kwani ingizo linasomwa kabla ya kufichwa; ziweke kando na uangalie zinazofuata.

Ifuatayo ndiyo ajali inayonifanya nisisitize jaribio hili. Barakoa imeandikwa sawasawa, kila thamani kwenye programu imefichwa, na bado t inaruka hadi 15 mahali fulani ndani ya SubBytes. Ukifuata sampuli hiyo hadi kwenye amri ya mashine, unakuta rejista moja iliyobeba `a` XOR `m` imeandikwa juu yake `b` XOR `m`. Umeme wa rejista hauangalii thamani mpya peke yake, unaangalia biti ngapi zimebadilika, na biti zilizobadilika ni `a` XOR `m` XOR `b` XOR `m`. Barakoa mbili zinazofanana zimefutana, na kilichobaki ni `a` XOR `b`, bila kificho chochote.

Ukisoma programu ya C hutaliona, kwa sababu rejista inachaguliwa na kompaila. Fungua faili la amri za mashine, tafuta mahali rejista ileile inapopokea baiti mbili zilizofichwa kwa barakoa moja, na weka katikati amri ya kuisafisha kwa `clr`, au tumia barakoa tofauti kwa kila baiti ukikubali gharama ya kumbukumbu. Kisha rudia jaribio la t na rekodi mpya. Sampuli hiyo ikishuka chini ya 4.5 na nyingine ikapanda, kompaila imehamisha tatizo kwenye rejista nyingine. Hapo sehemu hiyo iandike kwa lugha ya mashine kwa mkono, rejista kwa rejista.